Mguu wa matende ukishika homa: ni minyoo au ni bakteria?

Kila kampeni ya kingatiba ya matende inapopita Pwani, maneno yaleyale huibuka vijiweni na vibarazani. Yuko aliyemeza vidonge, na siku chache baadaye korodani moja ikaanza kumuuma. Yuko mama mwenye matende aliyeshikwa usiku na homa ya kutetemeka, mguu ukawa wa moto, na jirani akamwambia kwamba minyoo imeamka, ameze zile dawa mara nyingine. Yuko pia aliyepimwa malaria, akapewa dawa ya mseto, akarudi nyumbani na mguu wake vilevile. Wote hao wanatafuta jibu kutoka mahali pamoja: hapa kwetu kuna matende, basi kila uvimbe wenye homa ni kazi ya minyoo ya matende.

Si hivyo, na kosa hili linawagharimu watu miguu yao. Kwa mtu mwenye matende, mguu unaovimba ghafla pamoja na homa kali mara nyingi sana ni maambukizi ya bakteria, yanayohitaji antibayotiki mapema. Shambulio linaloletwa na mnyoo wenyewe lipo, lakini mguuni ni la nadra, lina sura yake, na kwa kawaida huisha bila dawa kali. Kwenye korodani mambo hugeuka kidogo. Huko mnyoo anahusika zaidi, ila kuna dharura nyingine zisizo na uhusiano wowote naye, na moja wapo hupimwa kwa saa, si kwa siku.

Tuanze na majina, maana huchanganywa sana. Matende ni uvimbe wa kudumu wa mguu, na mara chache wa mkono au titi, ambao baada ya miaka hufanya ngozi iwe nene, ngumu na yenye mikunjo. Busha, ambalo wengi huko Mombasa na Kilifi huliita mshipa, ni maji yaliyojikusanya kuzunguka korodani ndani ya mfuko wake. Ngiri ni jambo jingine kabisa: ni utumbo unaoshuka kupitia upenyo wa kinena, na wakati mwingine hufika hadi kwenye mfuko wa korodani, ndiyo maana watu huuita busha. Matende na mabusha mengi ya Pwani yana chanzo kimoja, mnyoo wa filaria, anayeenezwa na mbu. Mbu hao ni pamoja na wale wa kwenye vyoo vya shimo na mitaro michafu, na hata wale wanaoeneza malaria.

Mnyoo huyu ni mwembamba kama uzi, na jike lake hufikia urefu wa sentimita 8 hadi 10. Haishi tumboni kama minyoo tuliyoizoea. Huishi ndani ya mishipa ya limfu, kwa wastani miaka 6 hadi 8, akizaa vitoto vidogo mno vinavyozunguka kwenye damu, hasa usiku, vikisubiri mbu.

Limfu ni yale majimaji yanayochuja kutoka kwenye mishipa ya damu na kubaki katikati ya nyama. Mishipa ya limfu huyakusanya, huyapitisha kwenye tezi, kisha huyarudisha kwenye damu. Mtoki, lile tezi linalovimba kwenye kinena ukiwa na kidonda mguuni, ni kituo kimojawapo cha njia hiyo, mahali ambapo vijidudu hukamatwa kabla havijafika mbali. Mnyoo akikaa ndani ya mishipa hii miaka mingi, mishipa hupanuka na kulegea, na majimaji hayasukumwi tena kama inavyotakiwa. Ni sawa na mtaro wa mtaa ulioharibika: maji ya kuosha vyombo yanatuama, uchafu haupelekwi, na kila takataka inayoanguka pale inaoza palepale. Mguu wenye mishipa iliyoharibika hauvimbi tu. Umepoteza pia sehemu kubwa ya ulinzi wake. Bakteria wachache wanaoingia kwenye mguu mzima hushughulikiwa na mwili bila mwenyewe kujua, lakini wakiingia kwenye mguu wa matende huzaana na kusambaa kwa saa chache.

Hapo ndipo lilipo fundo la mkanganyiko wote. Mnyoo ndiye aliyeharibu njia ya maji, huenda miaka 20 iliyopita. Huenda hata alishakufa zamani. Homa ya leo imeletwa na bakteria aliyeingia jana kwenye ngozi iliyopasuka. Kwa muda mrefu hata madaktari waliziita homa hizi "homa ya filaria" na kuzitibu kwa dawa ya minyoo. Katika miaka ya 1990 daktari Gerusa Dreyer na wenzake wa Recife, Brazili, walichunguza kwa makini wagonjwa waliokuja wakiwa katikati ya mashambulizi, na wakaonyesha kwamba kuna mashambulizi ya aina mbili yanayotofautika kwa macho na kwa mikono, na kwamba yale ya bakteria ndiyo mengi miguuni, tena ndiyo yanayofanya matende yazidi kukua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa namna ya kumhudumia mwenye matende ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya kazi hiyo.

Tuzitazame aina hizo kwa mfano. Chukulia mama wa miaka 52 anayeishi Pangani, mkulima, mwenye mguu wa kulia uliovimba hadi chini ya goti kwa miaka mingi. Jioni alikuwa mzima. Saa nne usiku anaanza kusikia baridi, meno yanagongana, kichwa kinamuuma, anatapika mara moja. Mguu bado hauna kitu kipya. Mwanawe anasema ni malaria, na usiku ule ni rahisi kumwamini, kwa sababu kwenye mashambulizi haya homa na kutetemeka huweza kutangulia dalili za mguuni kwa saa kadhaa. Alfajiri mguu umekuwa mzito, unauma hata ukiguswa na shuka, na kwenye kinena kuna mtoki mkubwa wa kuuma.

Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, na ukiusubiri utachelewa. Tumia mgongo wa kiganja. Uweke kwenye mguu mmoja, kisha kwenye mwingine, mahali palepale. Mguu wenye maambukizi ni wa moto waziwazi, ngozi imevutika na kung'aa, imekuwa nyeusi zaidi kuliko kawaida yake, na ukibonyeza mwenyewe anaruka kwa maumivu. Uvimbe umesambaa eneo pana, kama kipande kizima cha mguu kimeumuka, si kifundo kimoja.

Kisha fungua vidole vya mguu kimoja kimoja. Watu wengi wanaoutazama mguu wa matende hutazama uvimbe, na hawafiki kati ya vidole. Mara nyingi jibu liko pale, hasa kati ya kidole cha nne na cha mwisho: ngozi nyeupe iliyolowa, inayobanduka, yenye harufu, na chini yake ufa mwembamba wenye nyama mbichi. Hizo ni fangasi. Fangasi hawaleti homa ile, lakini wanafungua mlango, na bakteria, hasa wale wa jamii ya streptokoki, wanapita. Mlango unaweza pia kuwa ukucha uliokatwa vibaya, mchubuko wa kandambili, ufa wa kisigino, kuumwa na mdudu na kujikuna, au kidonda kwenye mkunjo wa ngozi usiofikiwa na maji wakati wa kuoga. Wakati mwingine mlango haupatikani, na hilo halifuti maambukizi.

Mama huyu ana shambulio la bakteria. Likitibiwa, homa hushuka ndani ya siku moja au mbili, maumivu huisha taratibu kwa wiki moja hivi, na ngozi ya juu hubanduka kama ya mtu aliyeungua. Uvimbe hupungua, lakini mara nyingi haurudi pale ulipokuwa. Kila shambulio huacha mishipa ya limfu imeharibika zaidi kidogo, nao mguu ulioharibika zaidi hushambuliwa kwa urahisi zaidi. Mwenye mashambulizi manne au matano kwa mwaka anaweza kuona kwa macho yake mguu ukipanda daraja baada ya daraja, na akafikiri ni minyoo inayozaana.

Sasa mlinganishe na kijana wa miaka 30 wa pwani ya Kenya, ambako tangu mwaka 2018 baadhi ya maeneo yalianza kupewa dawa tatu kwa pamoja: ivermektini, diethilkabamazini na albendazoli. Hana uvimbe wowote wa zamani. Siku chache baada ya kumeza, anahisi kamba nyembamba, ngumu, inayouma chini ya ngozi upande wa ndani wa paja. Ilianza karibu na kinena na inashuka kuelekea gotini. Ana joto kidogo tu, anakula, anatembea. Ngozi haina mlango wowote wa vijidudu.

Huyu ndiye mwenye shambulio la mnyoo. Mnyoo mzima amekufa ndani ya mshipa wa limfu, kwa dawa au kwa uzee wake, na mwili unapambana na mzoga wake pale alipofia. Dalili ya kushika ni njia ya uvimbe. Shambulio la mnyoo huanzia kwenye kifundo au tezi na kuteremka kuelekea mwisho wa kiungo, likifuata mstari, kama kamba. La bakteria huanzia kwenye ngozi, hutapakaa, na kuchokoza tezi la juu yake. Homa ya mnyoo huwa ndogo au haipo, ya bakteria humlaza mtu. La mnyoo huisha lenyewe baada ya siku kadhaa, kwa dawa ya maumivu na kitambaa cha maji baridi, na kwa kawaida haliachi matende.

Hapa ndipo ulipo ukweli wa lile neno la vijiweni kwamba "dawa zinaleta uvimbe". Watu hawajazua. Vifundo vya maumivu baada ya kumeza dawa vipo, hasa pale inapotumika diethilkabamazini, ambayo huua sehemu ya minyoo wakubwa. Lakini anayepata kifundo hicho ni mtu ambaye minyoo ilikuwa ndani yake kabla, ikiharibu mishipa yake kimyakimya. Dawa haikumletea ugonjwa, imeufichua. Nchini Tanzania, ambako kingatiba ya matende ilianzia kisiwani Mafia mwaka 2000, kwa miaka mingi zimetumika ivermektini na albendazoli. Hizi hufagia zaidi vile vitoto vya kwenye damu. Kwa hiyo baada ya kuzimeza kinachotarajiwa ni homa ndogo ya siku moja au mbili, kichwa kuuma na mwili kuchoka, bila mguu wa moto. Mtu mwenye mguu wa moto na mtoki siku tatu baada ya kingatiba asitulizwe kwa kuambiwa ni dawa. Atazamwe vidole.

Watu huuliza kwa nini asipimwe tu damu mambo yaishe. Kipimo hakiwezi kutoa hukumu hii. Wengi wenye matende ya miaka mingi hawana tena mnyoo aliye hai, hivyo kipimo cha filaria hutoka hasi ilhali mguu wao uliharibiwa na filaria. Na mtu mwingine anaweza kuwa na kipimo chanya, akawa na minyoo hai mwilini, na bado homa yake ya leo ikawa ya bakteria. Kile cha kutafuta vitoto vya mnyoo kwa darubini huhitaji damu ichukuliwe usiku, kati ya saa nne na saa nane, na mgonjwa mwenye mguu unaowaka hana haja ya kusubiri usiku huo. Kipimo cha malaria kifanywe, kwa sababu hapa kwetu homa ni homa. Lakini kikitoka chanya, kazi haijaisha. Malaria haivimbishi mguu mmoja. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na dawa ya mseto haimgusi bakteria wa mguuni.

Nasema hili kwa mkazo kwa wahudumu wa zahanati na maduka ya dawa: shambulio likiwa linaendelea, usimpe mgonjwa dawa ya minyoo. Haitibu bakteria, na ikiua minyoo wakati ule inaongeza moto juu ya moto. Kama ana haki ya kingatiba, atameza akishapona.

Anachohitaji mama wa Pangani ni antibayotiki. Kwa mtu mzima mwenye shambulio la kawaida, asiye na mzio wa penisilini, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataja amoksilini miligramu 500 mara tatu kwa siku, kwa siku zisizopungua 8. Watu wengi huacha siku ya tatu homa ikishashuka, wakaweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya safari nyingine. Mguu wa matende hausamehe hilo. Limfu imetuama humo, kwa hiyo dawa huchelewa kumaliza kazi. Mwenye mzio wa penisilini aseme kabla hajaandikiwa, kwani zipo dawa mbadala. Parasetamoli hushusha homa na maumivu, lakini haitibu, na mtu asidanganywe na nafuu yake ya saa chache.

Nyumbani, mguu upumzishwe ukiwa umeinuliwa juu ya mto, mgonjwa anywe maji mengi, na mguu upoozwe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi au utumbukizwe kwenye ndoo ya maji ya kawaida mpaka maumivu yapungue. Uoshwe taratibu kwa maji na sabuni na ukaushwe kwa kugusisha kitambaa, bila kusugua. Maji ya moto hayafai, kwa sababu yanavuta majimaji zaidi kwenye mguu uliojaa. Kuchanja kwa wembe ili "damu chafu itoke" ni kufungua milango kumi mahali palipohitaji kufungwa mmoja. Kukanda kwa nguvu, kufunga bandeji ya kubana na kupaka majani yaliyopondwa vyote viachwe hadi shambulio liishe. Mazoezi ya kifundo cha mguu, ambayo ni mazuri sana siku za kawaida, nayo yasubiri.

Kuna hali ambazo hazingoji vidonge vya nyumbani. Mgonjwa anayechanganyikiwa au kusinzia, anayetapika kiasi cha kutohifadhi dawa, mwenye homa kali isiyoshuka baada ya siku moja au mbili za antibayotiki, mwenye usaha au ngozi inayogeuka nyeusi na malengelenge, au mwenye maumivu makali kupita kile kinachoonekana, huyo ni wa hospitali na dawa ya mshipani. Vivyo hivyo mwenye kisukari na mjamzito wasikae nyumbani kungoja. Na mguu usio na matende, uliovimba wote bila homa kubwa baada ya kulala kitandani muda mrefu, kufanyiwa upasuaji au kujifungua, unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa. Huo haukandwi kabisa, unapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Shambulio likipita, kinachozuia lijalo ni kidogo kuliko watu wanavyofikiri, lakini ni cha kila siku: kuosha mguu kwa sabuni hadi ndani ya mikunjo, kukausha kati ya vidole kwa kitambaa chembamba mpaka pakauke kweli, kupaka dawa ya fangasi hadi fangasi waishe, na kuvaa viatu visivyochubua. Wanaofanya hivi hupata mashambulizi machache zaidi, na hilo limeonekana katika nchi nyingi. Ambaye bado anashambuliwa mara kwa mara licha ya hayo azungumze na daktari juu ya sindano ya penisilini ya muda mrefu, inayochomwa kila baada ya wiki tatu au nne.

Sasa korodani, ambako aibu huchelewesha watu kuliko umbali wa hospitali.

Busha lenyewe haliumi. Hukua kwa miezi na miaka, ni zito, linasumbua wakati wa kutembea na kuvaa, lakini halileti homa. Kwa hiyo mwenye busha la miaka akiamka nalo linauma, ni la moto na ana homa, asiseme ni lilelile. Kuna jambo jipya limetokea.

Jambo hilo linaweza kuwa mnyoo. Minyoo wakubwa hupenda sana mishipa ya limfu inayozunguka kamba inayoning'iniza korodani, kiasi kwamba kwa ultrasaundi daktari anaweza kuwaona wakijinyonganyonga wakiwa hai, na watafiti waliouona mchezo huo waliupa jina la dansi ya filaria. Mmoja akifa, kifundo kigumu chenye maumivu huota kwenye kamba ile au karibu na korodani, pamoja na joto dogo, na pengine maji kidogo hujikusanya kisha hukauka. Hili ni shambulio lilelile la kijana wa paja, ila limetokea mahali panapotia hofu zaidi.

Lakini mirija iliyo nyuma ya korodani hushambuliwa pia na bakteria wa kawaida, kwa watu wa pwani na wa bara sawasawa. Maumivu hujengeka kwa siku moja au mbili, yakianzia nyuma ya korodani, homa ni ya kweli, na mara nyingi mkojo unachoma au kuna ute unaotoka uumeni. Kwa vijana, chanzo mara nyingi ni kisonono au klamidia, na kwa wazee ni bakteria wa njia ya mkojo, hasa tezi dume ikiwa imezuia mkojo. Amoksilini ya mguuni haitoshi hapa. Dawa ni nyingine, na kama ni ugonjwa wa zinaa mwenza naye atibiwe, la sivyo utarudi. Kijana anayeambiwa "ni matende yanaanza" anapotezewa matibabu yake na ya mkewe pia.

Ngozi ya mfuko nayo inaweza kuingiliwa na streptokoki kama ya mguu, zaidi kwa wale ambao ngozi yao imekuwa nene au ina vilengelenge vinavyovuja majimaji meupe. Na kwa mwenye kisukari, au mzee aliyedhoofika, kuna maambukizi mabaya zaidi: maumivu makali mno, harufu mbaya, ngozi inayogeuka rangi ya zambarau kisha nyeusi, na kusambaa ndani ya saa. Hilo ni la chumba cha upasuaji usiku huohuo.

Linalonisumbua kuliko yote ni la wavulana. Mtoto wa kiume, mara nyingi kati ya miaka 12 na 18, anaamka ghafla na maumivu makali ya korodani moja, anatapika, hana homa au ana kidogo, na korodani hiyo imepanda juu kuliko mwenzake. Kamba yake imejisokota na damu haifiki. Ikifunguliwa ndani ya saa 6 korodani kwa kawaida huokoka, na kila saa inayozidi hapo hupunguza matumaini. Akipewa dawa ya maumivu na kuambiwa asubiri mtaalamu wa matende kesho, ataipoteza. Asiye na homa, aliyeanza ghafla, aliye kijana: huyo asipimwe filaria, apelekwe kwa mpasuaji. Ni vilevile kwa mwenye uvimbe wa kinena uliokuwa ukirudi ndani na leo haurudi, anatapika na tumbo limejaa. Hiyo ni ngiri iliyobanwa, na utumbo uliomo ndani unaweza kufa.

Madafu hayahusiki kabisa. Imani ya kwamba kunywa madafu mengi huleta busha imewanyima watu kinywaji kizuri na kuwaacha bila chandarua. Maji ya dafu huenda tumboni, kwenye damu na kwenye kibofu, na hayana njia ya kwenda kukaa kuzunguka korodani. Yaonekana minazi na mbu hukutana tu kwa sababu vyote hupenda mwambao wenye joto na unyevu.

Mwenye busha lililotulia, lisilo na maumivu wala homa, anaweza kufanyiwa upasuaji na likaisha. Ni upasuaji wa kawaida unaofanyika hata katika hospitali nyingi za wilaya, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake. Hautibu matende ya mguu. Haufanywi wakati kuna homa, kidonda au fangasi kwenye ngozi ya sehemu ile. Maambukizi yatibiwe kwanza, ngozi ipone, ndipo tarehe ipangwe. Kuchoma busha kwa sindano mtaani ili kutoa maji ni njia ya haraka ya kulirudisha, kwa sababu kifuko kinachotengeneza maji kinabaki palepale, na sindano isiyo safi hugeuza maji hayo kuwa usaha. Aliyechomwa namna hiyo kisha akapata homa na maumivu amweleze daktari waziwazi kwamba alichomwa, na lini, kwani habari hiyo moja hubadilisha matibabu yote.